Anga lenye nyota kwenye hadubini: namna ya kumpigia simu daktari wa upasuaji kabla hajapasua

Jumanne moja, saa nane na nusu mchana, mteknolojia wa maabara aliniletea trei ya slaidi hapa Moshi. Ya nne kwenye trei ilikuwa ya mtoto wa kiume wa miaka 6 aliyetokea Korogwe. Fomu ilisema: uvimbe mkubwa wa tumbo, upande wa kulia, wiki tatu, inadhaniwa ni uvimbe wa figo wa utotoni, yaani Wilms. Kinyama kilichukuliwa kwa sindano Jumatatu asubuhi. Chini kabisa, kwa mwandiko wa haraka, palikuwa na mstari mmoja uliofanya niandike mwongozo huu: upasuaji wa kuutoa uvimbe, Jumatano, saa mbili asubuhi.

Niliiweka slaidi kwenye hadubini kwa lensi ya 4. Nilichokiona hakikuwa figo. Nawaandikia madaktari wanaojifunza patholojia na wenzetu wa maabara nilichofanya kuanzia dakika ile hadi usiku, kwa mpangilio wake, kwa sababu vitabu vinatufundisha kulitambua anga lile lakini havitufundishi simu.

Hatua ya kwanza: liangalie anga kwa mbali, kisha uzikague nyota

Kwa lensi ndogo kipande chote kilikuwa cha buluu iliyokolea, seli zimebanana bila nafasi. Ndani ya buluu hiyo palitawanyika madoa meupe, kama mtu anavyoona nyota akiwa mbugani usiku usio na mwezi. Sura hiyo tunaiita anga lenye nyota, na kwa mtoto mwenye uvimbe uliokua kwa wiki chache inakupeleka moja kwa moja kwenye limfoma ya Burkitt, saratani ya seli za kinga inayokua haraka.

Usikimbilie simu bado. Kuna nyota za uongo. Kipande kilichokaa muda mfupi mno kwenye formalini, au kilichokaushwa vibaya, hupasuka na kuacha matundu meupe kati ya seli, na kwa lensi ya 4 matundu hayo hufanana kabisa na nyota. Panda hadi lensi ya 40 uingie ndani ya doa jeupe. Nyota ya kweli ni seli: makrofaji, mla taka wa mwili, mwenye saitoplazimu pana iliyopauka na ndani yake vipande vya seli zilizokufa alizozimeza. Nyota ya uongo ni tundu tupu. Nilikagua nyota 10. Zote zilikuwa na makrofaji ndani na taka tumboni mwake.

Sababu ya nyota hizo ni kasi. Seli za uvimbe huu zinagawanyika haraka mno, na zinakufa kwa wingi palepale. Makrofaji huja kuzoa maiti. Ukiona nyota nyingi umeona kasi ya ugonjwa, na ndiyo maana jambo hili haliwezi kusubiri ripoti iliyochapwa.

Baada ya nyota, ziangalie seli zenyewe. Makrofaji anakupa rula ya bure: linganisha kiini cha seli ya uvimbe na kiini cha makrofaji aliye jirani. Kwenye Burkitt vinakaribiana ukubwa. Viini vya uvimbe ni vya mviringo, vinafanana kama vimetoka kwenye kalibu moja, na ndani yake utaona nyukleoli ndogo mbili, tatu au nne. Seli zinazogawanyika ziko kila unapogeuka.

Nilitafuta pia kile ambacho daktari wa upasuaji alikitarajia. Uvimbe wa Wilms mara nyingi huonyesha vijifereji vinavyojaribu kuwa figo, na nyuzi laini kati ya makundi ya seli. Sikuona kifereji hata kimoja. Niliandika hilo pembeni, kwani nilijua ndilo swali la kwanza nitakaloulizwa.

Hatua ya pili: hakikisha slaidi ni ya mtoto huyo

Hatua hii ni fupi na haina uhondo, lakini usiiruke hata siku moja. Simama, nenda kwenye kabati la bloku, soma namba iliyo kwenye bloku ya nta, kwenye slaidi na kwenye fomu. Zisome kwa sauti na mteknolojia akiwa pembeni yako. Uliza ni vinyama gani vingine vilikatwa asubuhi hiyo kwenye mashine ileile. Kipande cha nyama kilichoelea kwenye maji ya uvuguvugu kutoka bloku ya mgonjwa wa jana kinaweza kunata kwenye slaidi ya leo. Slaidi yetu ilikuwa na vipande vitatu vyembamba kama vijiti, vyote na sura moja, na bloku ilikuwa na vijiti vitatu vilevile. Dakika 4 zilitosha.

Hatua ya tatu: tenganisha unachokijua na unachokidhani

Kabla ya kushika simu chukua karatasi, chora mstari katikati. Upande wa kushoto wangu niliandika: limfoma, inakua kwa kasi kubwa; si Wilms. Upande wa kulia: karibu hakika Burkitt, nasubiri rangi za kingamwili.

Mgawanyo huu una maana kubwa. Anga lenye nyota si mali ya Burkitt peke yake. Limfoma ya seli changa, ile ndugu wa leukemia, huweza kulionyesha, na pia limfoma nyingine za seli kubwa zinazokua haraka. Hata tezi ya kawaida inayopambana na maambukizi ina nyota katikati ya vituo vyake. Kuzitenganisha kwa uhakika kunahitaji rangi za kingamwili. Burkitt hushika alama za CD20, CD10 na BCL6, kwa kawaida haishiki BCL2 au huishika kidogo tu, haishiki TdT, na Ki-67, alama ya seli zinazogawanyika, inashika karibu kila seli. Rangi hizo kwetu zingekuwa tayari Ijumaa. Upasuaji ulikuwa Jumatano.

Swali la kujiuliza basi ni hili: je, upande wa kushoto peke yake unatosha kubadilisha uamuzi wa kesho asubuhi? Kwa mtoto huyu ulitosha. Limfoma zote hizo nilizozitaja, zikiwa zimeenea tumboni, hutibiwa kwa dawa. Kuukata uvimbe mkubwa wa Burkitt hakumponyi mtoto. Uvimbe umejipenyeza kwenye utumbo na mishipa, hutoka damu nyingi, na kidonda kikubwa cha tumbo kinachelewesha dawa kwa siku nyingi ilhali seli zinaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Kisu kina nafasi yake pale uvimbe ulipo mdogo na unatoka wote, au utumbo umeziba. Fomu haikutaja lolote kati ya hayo.

Hatua ya nne: piga, na usiache ujumbe

Miaka ya nyuma, katika hospitali nyingine, niliandika ripoti ya namna hii vizuri sana, nikaisaini, nikaiweka kwenye trei ya ripoti zinazotoka. Ilikaa kwenye trei siku 9. Nilipokwenda kuuliza, kitanda cha mtoto kilikuwa na mgonjwa mwingine. Tangu siku ile sijaiamini trei, wala ujumbe mfupi wa simu ambao sijajibiwa.

Tafuta sauti ya mtu. Daktari asipopokea, piga chumba cha upasuaji, kisha wodi, kisha daktari aliye zamu, kisha mkuu wa idara. Usimwachie karani wala ndugu wa mgonjwa majibu. Ukituma picha ya slaidi, isiwe na jina wala namba ya faili.

Nilimpata mara ya pili, saa tisa na dakika 20. Ni mtu mzima kwangu, na mwalimu wangu wa zamani.

"Shikamoo daktari. Ni mimi, wa patholojia."

"Marahaba. Niko wodini, sema."

"Ni kuhusu mgonjwa wako wa kesho asubuhi. Naomba dakika 3, na uwe na kalamu."

Alinyamaza kidogo. Nikasikia akiomba kalamu.

Nilimtajia jina la mtoto, umri na namba ya faili, nikamwomba anithibitishie kwamba ndiye. Akathibitisha. Ndipo nikasema sentensi niliyokuwa nimeiandaa: "Kinyama ulichokichukua jana kinaonyesha limfoma inayokua kwa kasi, karibu hakika ni Burkitt. Sioni Wilms. Naomba usimpasue kesho kabla hatujakutana na watu wa saratani."

Anza na jibu. Ukianza na historia ya slaidi, lensi na rangi, mtu aliyesimama wodini ataanza kusikiliza kengele ya mgonjwa mwingine.

"Una uhakika kiasi gani?" akauliza. "Ultrasaundi inasema uvimbe umetoka kwenye figo."

"Kwamba ni limfoma, nitasimama nalo mbele ya kikao chochote. Kwamba ni Burkitt na si ndugu yake, nitakuambia Ijumaa. Ila hakuna hata mmoja katika hao tunayeanza naye kwa kisu."

"Na figo?"

"Limfoma hii huingia kwenye figo. Sijaona kifereji hata kimoja cha Wilms kwenye vijiti vyote vitatu."

Akavuta pumzi. Mpatholojia mchanga huweza kudhani kimya hicho ni ubishi. Huyu ni mtu aliyekwishaongea na mama wa mtoto, akatafuta damu, akapanga timu, na sasa anapanga upya kichwani. Mwache apange.

Hatua ya tano: uliza kile ambacho slaidi haiwezi kukuambia

Fomu ilisema Korogwe, na hilo lilinigusa tangu mwanzo. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa Kampala, aliandika kuhusu uvimbe huu mwaka 1958, na mwaka 1961 alisafiri kwa gari kutoka Uganda hadi Afrika Kusini akiulizia hospitali kwa hospitali. Akakuta uko nyanda za joto na mvua na ni nadra milimani kwenye baridi. Mwaka 1964 virusi vya Epstein-Barr vilionekana kwenye seli zake. Malaria kali ya utotoni pamoja na virusi hivyo ndivyo vinavyouandalia njia. Mtoto wa Korogwe ana mazingira hayo kuliko mtoto wa juu kule Marangu. Mahali anapotoka mtoto si uthibitisho, ila panakuelekeza cha kuuliza.

"Meno yake yakoje, daktari?"

"Mama alisema yanalegea. Lakini ana miaka 6."

"Ya mbele, au magego?"

Kimya tena, cha namna nyingine. Mtoto wa miaka 6 hulegea meno ya mbele, kila mzazi anajua, na kila daktari hupita hapo bila kusimama. Magego ya utotoni hung'oka baadaye, kati ya miaka 9 na 12. Yakilegea kwa mtoto wa miaka 6, hasa zaidi ya moja, kuna kitu kwenye mfupa wa taya kinayasukuma.

"Ngoja," akasema. Nilisikia hatua zake, kisha sauti yake ikimwambia mtoto afungue mdomo, na mama akisema, "Mwanangu, achama." Aliporudi kwenye simu alisema, "Magego mawili, juu kulia. Na ufizi umevimba."

Hatua ya sita: taja mambo ya usiku huu, kisha arudie

Mimi si ninayetibu, lakini kuna mambo mawili ambayo mpatholojia akiyanyamazia anakuwa hajamaliza kazi. La kwanza ni figo. Seli hizi zinapokufa kwa wingi humwaga vilivyomo ndani yake kwenye damu: potasiamu, fosfeti, na malighafi ya asidi ya yuriki. Figo huziba, potasiamu hupanda, moyo husimama. Huweza kutokea hata kabla ya dawa. Nikamwomba apime usiku uleule potasiamu, fosfeti, kalsiamu, asidi ya yuriki na kreatinini, na azungumze na watu wa saratani juu ya allopurinoli na dripu isiyo na potasiamu.

La pili ni steroidi. Watu wa usingizi hutumia deksamethasoni kuzuia kutapika, ni jambo la kila siku. Kwa limfoma kama hii dozi moja inaweza kuua seli nyingi kwa ghafla na kuanzisha balaa hilo la figo, na pia inaweza kuharibu sampuli inayofuata. Kwa hiyo pasiwe na deksamethasoni wala prednisoloni mpaka timu ya saratani iamue.

Kisha nikamwomba anirudishie nilichosema. Hii huonekana kama utovu wa adabu kwa mkubwa wako. Mimi husema, "Naomba nisikie umeandika nini, ili nami niandike hivyohivyo." Akarudia: limfoma, karibu hakika Burkitt, si Wilms; upasuaji wa kesho umesimama; damu leo; hakuna steroidi; rangi Ijumaa. Alikuwa amesahau kalsiamu, tukaiongeza.

Papo hapo, kabla hujasahau, andika kwenye fomu na kwenye rasimu ya ripoti: matokeo ya awali yametolewa kwa simu, kwa daktari fulani, tarehe, saa tisa na dakika 20 alasiri, yamerudiwa na kuthibitishwa. Andika pia ulichosema hujui.

Hatua ya saba: nenda wodini na sindano

Kinyama kikishaingia formalini kuna kitu kimoja hakionekani tena vizuri, nacho ndicho kitakachokupa nguvu usiku huohuo. Unahitaji seli mbichi. Ufizi uliovimba ulitupa mlango rahisi kuliko tumbo.

Saa kumi na moja jioni nilikuwa kando ya kitanda na sindano nyembamba ya namba 23, mama amempakata mtoto. Nilichoma mara mbili, nikatandaza tone kwenye slaidi mbili, nikaziacha zikauke kwa hewa. Usizitumbukize kwenye spiriti zikiwa mbichi. Zikikauka ndipo unazipitisha kwenye methanoli. Rangi ni Giemsa ileile ya malaria, 10% kwa dakika 10 hadi 15. Maabara ndogo kabisa inaweza kufanya hivi.

Mama aliniuliza, "Kesho hapasuliwi?" Nilimjibu kwamba daktari wake anakuja kukaa naye jioni hiyo amweleze yote, na kwamba vipimo vimebadilisha mpango. Usimpe mzazi jina la ugonjwa ukiwa umesimama na sindano mkononi, wakati daktari wake hajaongea naye. Lakini usimdanganye pia kwamba hujui kitu.

Kwenye Giemsa saitoplazimu ya seli ilikuwa ya buluu kali, na ndani yake matone ya mafuta yalikuwa yameacha vitundu vya mviringo, safi, kama vimetobolewa kwa pini. Seli baada ya seli. Sura hiyo, pamoja na anga la mchana na yale magego, ilihamisha maneno mengi kutoka upande wa kulia wa karatasi yangu kwenda wa kushoto. Saa moja na nusu usiku nilimpigia tena, safari hii dakika moja tu.

Hatua ya nane: funga ulichokifungua

Rangi za kingamwili zikitoka, linganisha na ulichosema kwa simu. Vikipishana, hata kidogo, piga simu nyingine siku hiyohiyo na uandike kwenye ripoti kwamba ya awali imebadilika na kwa nini. Zisipopishana, piga vilevile.

Ijumaa CD20, CD10 na BCL6 zilishika. BCL2 na TdT hazikushika. Ki-67 ilikuwa kahawia karibu kila kiini, hadi ukalazimika kutafuta kilichobaki buluu, na hivyo vilikuwa zaidi vya makrofaji. Nilisaini, nikampigia daktari. Akaniambia mtoto alianza dozi ndogo ya kwanza ya saiklofosfamidi Alhamisi, mkojo unatoka vizuri, na potasiamu ya alfajiri ile ilikuwa 4.6.